Kadi Iliyobaki Mfukoni mwa Badar

Mimi sina subira, na sioni haya kulisema. Mume wangu Marhoun anadai nilizaliwa nishakasirika, kulekule Mkunazini, Unguja, na tulipohamia Ibra, huku Omani, nikiwa msichana jua la huku likanizidishia. Mtu kama mimi ndiye Mungu aliyempa mtoto kama Yaarub, ambaye hata akitaka chumvi mezani anafikiri kwanza aiombe vipi. Basi huyo mtoto akapata skolashipu ya kusoma uhandisi Japani. Nikasema haya, huko ndiko wenziwe waliko.

Akasoma mji mmoja unaitwa Matsue, wa mvua na ziwa. Mwaka wa kwanza wote alikuwa anajifunza lugha tu, na aliyemfundisha ni Mwalimu Hirosawa, mzee mwembamba mwenye kalamu nyekundu mfukoni. Mwanangu alipopata homa nchi ya watu, mwalimu huyo na mkewe Kazuko ndio waliompelekea uji. Walipojua hali nguruwe, Kazuko akawa anasoma nyuma ya kila pakiti dukani mpaka wenye duka wakamzoea. Haya sikuhadithiwa na Yaarub, maana yeye hasemi. Nimeyajua mwenyewe nilipokwenda kwenye mahafali yake na kulala kwao wiki nzima.

Mimi na Kazuko hatukuwa na lugha hata moja baina yetu, na tuliongea kutwa. Tulikuwa jikoni. Nikamfundisha kachori, yeye akanifundisha kukausha persimoni, tunda lao moja jekundu tamu. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono, hata mkono ukiwa na unga. Siku ya kuondoka akavua aproni yake, aproni nyeupe yenye mikono kama kanzu, akanikunjia akanitilia mkobani. Nikalia mimi, akalia yeye, na waume wote wawili, maana Marhoun alikuwapo, wakatazama dirishani kana kwamba kuna kitu nje.

Sasa nikwambie habari ya kadi.

Wajapani wana mila ya kuandikiana kadi za mwaka mpya, na mwanafunzi aliyehitimu anamwandikia mwalimu wake kila mwaka hata akizeeka. Kadi zote zinaingia nyumbani asubuhi ya tarehe mosi Januari. Yaarub alipokuwa anarudi alimwomba mwalimu wake jambo moja: kwamba asiache kumsahihisha. Mzee akakubali. Basi kila mwaka baada ya Januari inakuja bahasha, ndani yake fotokopi ya kadi ya Yaarub, imejaa wino mwekundu.

Mwaka wa kwanza Yaarub aliandika salamu ya herufi mbili. Mzee akamwandikia kwa upole kuwa hiyo ya herufi mbili ni ya marafiki na wadogo zako. Aliyekuzidi anaandikiwa ya herufi nne, kinga shinnen, yaani kwa unyenyekevu nakupongeza kwa mwaka mpya. Mwaka wa pili akaweka herufi nne sawasawa, lakini aliposhukuru kwa mwaka uliopita akatumia neno ambalo herufi yake moja ina maana ya kuondoka na kuachana, na kwenye kadi ya heri hilo halitiwi. Mwaka wa tatu akaweka nukta na mikato. Mzee akazizungushia zote: salamu ya furaha haikatwi katikati. Nikasema, jamani, hiyo ni kadi au mtihani wa kuingia peponi?

Na huko kwao alama zenyewe ziko kinyume. Tiki ni kosa. Wallahi! Kuna siku Yaarub alinipigia simu akanionyesha karatasi imejaa tiki, nikapiga vigelegele nyumba nzima ikatoka, kumbe ameanguka. Kilicho sahihi kinatiwa duara. Na kazi ikimgusa mwalimu moyo, duara lile analizungushia majani pande zote likawa ua. Ua ni mara chache sana. Yaarub kwenye kadi zake hajapata hata moja, na ingawa ni mtu mzima mwenye ndevu, anafanya kazi kiwanda cha gesi huko Sur na watu wanamwita muhandisi, ua hilo analitaka kama mtoto anavyotaka baiskeli.

Mwaka huu akasema kadi itakuwa safi. Aliiandika mara ngapi sijui, meza yangu ya kulia chakula haikuonekana. Herufi nne juu. Shukrani za mwaka uliopita kwa neno linalofaa. Hapana nukta wala mkato. Chini, kwa mkono wake, akawaombea mwalimu na mkewe, nyote wawili, afya na furaha tele katika mwaka mpya, na akatia salamu zangu kwa Kazuko. Nilipoiona imekamilika nikamwambia mwaka huu ua hulikosi.

Wa kuipeleka akawa Badar. Badar ni mwana wa marehemu dada yangu, ananunua magari ya mitumba Nagoya na kuyauza hapa na Bahla. Kijapani chake ni bei gani, ghali sana na ahsante. Yaarub alimweka kitako akamfundisha: ukifika, nunua stempu, bandika hapa juu ya neno hili jekundu, nenga, ndilo linalowajulisha posta kuwa hii ni kadi ya mwaka mpya. Kuanzia tarehe kumi na tano Disemba masanduku ya posta yanakuwa na mdomo maalumu wa kadi hizi. Tia humo, kabla ya tarehe ishirini na tano, na posta wenyewe wataishikilia mpaka tarehe mosi.

"Wataishikilia?" Badar akauliza. "Kwa nini wasimpe tu?"

"Kwa sababu mwaka haujaingia. Ikifika mapema ni kukosa adabu."

Badar akanitazama, na mimi nikamtazama. Nikampa na kopo la halua na tende za kumpelekea mwalimu kwa parseli. Akaenda zake.

Siku chache nyuma yake nikapita posta kufungua sanduku letu, maana Marhoun ufunguo anao lakini miguu hana. Kumo bili, kumo tangazo la duka la mazulia, na kumo kadi kutoka Japani. Kadi nzuri, ya kijivu laini, ina ua la yungiyungi pembeni na mistari ya maandishi myembamba. Nikafurahi. Nikasema mwalimu mwaka huu katuwahi! Nikaibandika kwenye friji, juu kabisa, nikamtumia Yaarub ujumbe kwamba kadi yenu imefika na nzuri kupita za miaka yote. Yeye yuko zamu, akanijibu kwa kidole gumba.

Jumamosi asubuhi akaja. Shikamoo mama, marahaba, akavua viatu, akaja jikoni nilikokuwa nimevaa aproni yangu nakaanga mandazi. Akafungua friji kutoa maziwa, akaifunga, akasimama. Maziwa mkononi. Nikamwambia mwanangu unaziba njia.

"Mama," akasema, "hii si kadi ya mwaka mpya."

"Ni ya nini, basi?"

"Ni ya msiba."

Akanisomea. Kwa kuwa tumo katika maombolezo, tunaomba radhi kwamba hatutatoa salamu za mwisho wa mwaka wala za mwaka mpya. Mke wangu Kazuko aliaga dunia mwezi wa Oktoba. Tunashukuru kwa wema wote mliomfanyia alipokuwa hai. Basi. Mistari mitatu, na jina la mzee.

Nikakaa juu ya gunia la mchele. Sikuwa na kiti karibu. Mandazi yakaungua na hapana aliyeyajali. Nililia vibaya sana, na nilikuwa nimevaa aproni yake, nikawa najifutia machozi kwa mikono yake. Kwa siku zote zile mimi napita mbele ya friji nachukua nyanya, na Kazuko wangu yuko pale juu amekufa na mimi nasema kadi nzuri.

Nilipoweza kusema nikasema kwa hasira, maana huzuni kwangu haikai sana bila hasira kuja kuitafuta. "Oktoba! Mtu kafiwa Oktoba, anatwambia Disemba? Na anatwambia kwa nini, ili tusimsalimie?"

"Ndiyo mila, mama. Mwenye msiba hapongezani na watu mwaka huo. Anatuma kadi hii mapema ili watu wasimwandikie heri, wasije wakaona aibu."

"Na watu wanafanya nini?"

"Hawaandiki."

"Wanamwacha?"

"Hawamwachi. Wanamstahi. Mwaka mpya ukishapita, mapambo ya milangoni yakishaondoshwa, wiki ya kwanza ya Januari imekwisha, ndipo mtu anaweza kumwandikia kadi nyingine ya kumjulia hali katika baridi."

Hebu fikiri. Hapa Ibra mtu akifiwa, kabla maiti haijatoka, barabara nzima magari. Siku tatu huna nafasi ya kupumua, watu wamekukalia, wengine huwajui, mtu kaja kutoka Nizwa kwa kuwa alisoma na ami yako. Kumnyamazia mfiwa kwetu sisi ni kumvunjia undugu. Na mzee huyu, hana mtoto, yuko peke yake katika nyumba ile ya milango ya karatasi, na watu wote wanaompenda wamenyamaza kwa adabu!

Nikashika simu nimpigie. Yaarub akanishika mkono. "Mama, tafadhali. Utamfanya asimame ainame mbele ya simu akushukuru. Hataweza kukata mpaka ukate wewe." Halafu uso ukambadilika. "Ile kadi," akasema.

Salale! Ile kadi. Herufi nne juu, nakupongeza. Na chini, nyote wawili, afya na furaha tele.

Nilimwona mwanangu akinyauka mbele yangu. Kadi ikishaingia kwenye mdomo wa sanduku lile haina wa kuizuia, itakaa posta na wenziwe, na asubuhi ya tarehe mosi, katika nyumba ambayo mwaka huu haitakiwi kuingia kadi hata moja, itaingia moja. Yake. Ya mwanafunzi aliyefundishwa adabu miaka yote kwa wino mwekundu. "Atadhani nimeipata habari nikaipuuza," akasema. "Au atasoma 'nyote wawili'. Mama, atasoma 'nyote wawili'."

Nikampigia Badar kwa WhatsApp, sauti kubwa, simu juu ya meza. Kwetu asubuhi, kwao imeshapita adhuhuri.

"Mama mdogo!" Badar huyo, na upepo nyuma yake. "Yaani moyo wako umejua! Unajua niko wapi?"

"Badar, ile kadi umeshaitia sandukuni?"

"Kadi gani ya kutia sandukuni? Mwalimu wa Yaarub nimtilie barua kwenye chuma njiani, mimi mtoto wa watu? Leo mnada umefungwa, nimepanda treni tangu alfajiri. Niko Matsue. Niko mlangoni kwake, nimeshabonyeza kengele. Kadi nitampa mkononi, na halua juu."

Yaarub akainuka kiti kikaanguka. "Badar, usitoe! Usitoe hiyo kadi! Mkewe amefariki!"

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Badar akasema, sauti nyingine kabisa. "Lini?"

"Oktoba. Iache mfukoni. Mwambie umekosea nyumba. Ondoka!"

"Niondoke vipi, yakhe, mlango unafunguka."

Na huyu Badar, Mungu amweke, akaitia simu mfukoni bila ya kuikata. Mimi na Yaarub tukainamia meza tukisikiliza kitambaa. Tukasikia mlango wa kusukuma. Tukasikia Badar anasema Ibra, halafu anasema Yaarub. Ikapita muda. Halafu sauti ya mzee, ndogo, inauliza: "Yaarub-kun?" ndivyo walimu wa kwao wanavyowaita wanafunzi wao. Yaarub akaziba macho kwa mkono.

Viatu vikavuliwa. Hatua. Mfuko wa plastiki ukafunguliwa, hiyo ndiyo halua yangu. Kisha ikaja kengele moja nyembamba, ting, ikapotelea polepole. Nikamuuliza Yaarub kwa macho, akaninong'oneza kwamba mzee ameiweka halua mbele ya picha ya Kazuko na kumgongea kengele, ndivyo wanavyofanya kitu kikiletwa na mgeni, marehemu anapewa kwanza. Baada ya hapo hatukusikia neno. Hata moja. Nikasema labda imekatika. Haikukatika, tulisikia kikombe kikiwekwa chini. Badar wangu, ambaye hanyamazi hata kwa daktari wa meno, alikuwa amekaa matangani kwa adabu zote. Tukaikata sisi wenyewe, kwa aibu.

Mchana huohuo, kwao usiku umeshaingia, akatupigia kutoka stesheni. Akasema hakufanya kitu. Alikaa. Mzee alikuwa na chai, yeye alikuwa na chupa ya kahawa aliyoijaza hotelini kwa buni yangu mwenyewe, wakanywa zote mbili. Mzee alisema maneno mawili matatu, Badar hakuyaelewa, akatikisa kichwa. Giza lilipoingia mzee akawasha taa, na Badar akaona hiyo ndiyo ruhusa. Kadi ilikuwa bado iko mfukoni, imejikunja kidogo.

Mimi nilitaka kumbusu. Yaarub alikuwa amekasirika kama sijapata kumwona, kimyakimya, namna yake. Akasema Badar kamwaibisha. Kwenda kwa mtu kama yule bila ahadi, bila simu, msibani, kakaa mpaka usiku, na mzee kwa heshima zake asingeweza kumwambia ondoka. Mzee ameomba kwa maandishi aachwe, na sisi tumempelekea mfanyabiashara wa magari. "Sasa hataniandikia tena," akasema. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaogopa kuwa huenda kweli. Sijui mila zao. Najua jiko la mwanamke mmoja tu.

Tarehe mosi ikaja, hapana kitu, na haikutakiwa kuja kitu. Yaarub akakaa chini mwanzoni mwa Januari kuandika ile kadi ya kujulia hali katika baridi. Ina wakati wake: ifike baada ya mapambo kuondoshwa na kabla ya siku moja ya mwanzoni mwa Februari, kwa kalenda yao siku hiyo ndiyo baridi imekwisha hata kama theluji iko mlangoni. Posta ya Ibra tukaihesabia wiki mbili kwa dhana njema. Kadi yenyewe haina nyekundu, haina maua ya shangwe, haina neno la kupongeza popote. Akaandika: nakujulia hali katika kipindi hiki cha baridi. Kwa kujua kuwa umo katika maombolezo, nilijizuia kutoa salamu za mwaka mpya. Halafu akaandika sentensi ndefu ya kuomba radhi kwa jamaa yangu aliyekuja bila taarifa na kukusumbua. Halafu, baridi ni kali, tafadhali jitunze afya. Akaweka kalamu.

"Na mimi?" nikasema.

"Wewe nini, mama?"

"Niandikie la kwangu."

Akavuta pumzi. Kanieleza kuwa kadi hii inaandikwa kwa maneno machache, ya kawaida, mtu asichimbe huzuni ya mwenziwe, asilete mambo yake mwenyewe. Kuna vitabu vina mifano yake. Nikamwambia vitabu hivyo havikukaanga kachori na Kazuko.

"Mama, hii si Ibra."

"Sijasema Ibra. Nimesema mtu kafa na katika kadi yako yote jina lake halimo! Umejulia hali baridi, umeomba radhi ya Badar, umemwambia avae sweta. Kazuko yuko wapi? Mtu akisoma hii atajuaje kuwa alikuwapo?"

Nilipiga kelele, sikatai. Marhoun akachungulia mlangoni akarudi zake. Yaarub akatazama ile aproni niliyokuwa nimeivaa, imepata doa la manjano la bizari kifuani ambalo halitoki. Kisha akachukua kalamu. "Sema. Sentensi moja tu."

Basi nikasema: Mimi Thuraya, aproni ya Kazuko-san naivaa kila siku, na leo pia nimeivaa.

Akaandika pembeni, herufi ndogondogo, kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Tukaipeleka posta wenyewe, yeye akiendesha taratibu na mimi nimeishika kadi mapajani.

Kisha tukasubiri. Nakuambia mimi sina subira! Ufunguo wa sanduku nikaunyang'anya kwa Marhoun moja kwa moja. Nilikuwa nakwenda mpaka kijana wa posta akawa anatikisa kichwa kabla sijashuka garini. Januari ikaisha. Yaarub akija kutoka Sur haulizi, anakwenda moja kwa moja kwenye friji anajifanya anataka maji. Badar akarudi Nagoya na kuja tena, akawa anapita kwetu kwa kujificha, maana binamu yake hazungumzi naye zaidi ya salamu. Mwisho wa Februari nilikuwa nimeshajiambia: umeiharibu, Thuraya, kwa mdomo wako.

Bahasha ilikuja siku ambayo sikwenda. Marhoun ndiye aliyeipata, alikuwa ameomba ufunguo akafuate bili, akaingia nayo mezani tukiwa tunakula, ni Ijumaa, Yaarub yupo na Badar nimemlazimisha aje. Yaarub akaosha mikono. Akakausha kidole kimojakimoja. Nikamwambia fungua mwanangu kabla sijafa.

Ndani mlikuwa na fotokopi. Nilipoona tu wino mwekundu, moyo ukanirudi mahali pake, maana mtu aliyekata tamaa hashiki kalamu nyekundu.

Sentensi ya baridi: duara. Sentensi ya kujizuia salamu: duara. Kisha ile sentensi ndefu ya kumwombea Badar radhi. Hiyo mzee ameikata yote, mistari miwili iliyonyooka, mwanzo mpaka mwisho, na pembeni ameandika. Yaarub akasoma mara mbili kimya, halafu akasoma kwa sauti, akimtazama binamu yake.

"Anasema: 'Hii futa. Disemba sanduku langu la barua lilikuwa tupu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba hivyo. Bwana Badar hakuwa ameisoma kadi yangu, akaja. Siku ile ndipo nilipokula tena chakula cha jioni.'"

Badar akainamisha kichwa akaanza kuchagua miba ya samaki katika sahani ambayo haikuwa na samaki. Yaarub akanyoosha mkono juu ya meza akamshika bega, akauacha hapo.

"Na langu?" nikauliza. "Langu kalikata pia?"

Yaarub akaigeuza karatasi nione. Pembeni, pale kwenye herufi ndogondogo, palikuwa na duara. Na duara limezungushiwa majani, moja baada ya jingine, pande zote, yamebanwa kwa kuwa nafasi haikutosha, jani la mwisho limetoka nje ya ukingo wa kadi.

Nililia mbele ya wote, na sikutoka kwenda kulilia chumbani. Nilijifutia mikono ile ile nyeupe ya aproni. Marhoun akatazama dirishani.

"Miaka yote hii," Yaarub akasema, macho mekundu na anacheka, "nimeandika, nimefuta, nimenunua kamusi. Sijapata ua hata moja. Wewe umeandika sentensi moja, na hata hukuandika wewe."

Nikamwambia asihuzunike, akazane na masomo, na yeye atapata.